Kuiwasilisha "Kusadikika" mbele ya klabu ya usomaji

Tuchukulie klabu yenu inakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kitabu cha mwezi ni Kusadikika cha Shaaban Robert, na mwenyekiti amekupangia wewe ukiwasilishe. Umepewa dakika 15: muhtasari, dhamira tatu, kisha hukumu yako mwenyewe, halafu mjadala unafunguliwa. Nimechagua kitabu hiki kwa sababu ni chembamba, wengi wamewahi kukishika, na kina mtego unaowanasa wawasilishaji. Katikati yake kuna safari sita za wajumbe zinazofanana, na ukianza kuzisimulia moja baada ya nyingine, dakika zako zimekwisha kabla hujasema lolote la kwako.

Njia ya kuukwepa mtego huo ni kuandaa kinyume na utakavyosema. Siku ya kikao utaanza na muhtasari na kumaliza na hukumu. Mezani kwako anza na hukumu, kisha dhamira, na muhtasari uuandike mwisho kabisa. Ukishajua unakoelekea, utajua pia ni mambo gani ya hadithi msikilizaji anayahitaji na yapi unaweza kuyaacha.

Hatua ya 1: Soma mara mbili, na mara ya pili soma kama mtu anayetafuta ushahidi

Mara ya kwanza soma tu. Usiweke alama, usiandike, acha hadithi ikuchukue au ikuchoshe. Ikikuchosha, kumbuka ilikuchosha wapi, maana hapo huwa pana jambo la kusema.

Mara ya pili kaa na kalamu ya risasi na vipande vya karatasi. Weka kipande mahali ambapo jambo linageuka, si mahali penye maneno matamu. Kwa Kusadikika mimi ningeweka vitano: pale nchi ya Kusadikika inapoelezwa mwanzoni, pale Karama, kijana anayefundisha sheria, anaposhtakiwa, pale safari ya kwanza inapoishia gerezani, pale inapoanza kukuelea kwamba safari zote zitaishia hukohuko, na pale mfalme anapoamua. Vikizidi vinane, punguza. Ukisimama mbele ya watu na kitabu chenye karatasi ishirini zinazoning'inia, utapekuapekua huku wenzako wakitazama simu.

Usitegemee namba za kurasa. Kitabu hiki kilitoka mara ya kwanza mwaka 1951 na kimechapishwa tena na tena, hivyo ukurasa wa nakala yako huenda usiwe ukurasa wa nakala ya jirani yako. Mtajie mtu tukio: "pale waziri Majivuno anapomshtaki Karama." Atafika haraka kuliko ukimtajia namba.

Hatua ya 2: Andika hukumu kwa sentensi mbili kabla ya kitu kingine chochote

"Ni kitabu kizuri na kina mafunzo" si hukumu. Sentensi hiyo unaweza kuibandika kwenye kitabu chochote, na hakuna mwanachama atakayeinua mkono kuipinga. Hukumu ni dai linalokihusu kitabu hiki peke yake, na linaloweza kubishiwa.

Namna ya kulipata ni kujiuliza: mwisho wa kitabu ulinitosheleza? Katika Kusadikika swali hilo lina uzito wa pekee. Karama ameshtakiwa kwa kosa la kuleta na kufundisha taaluma ya sheria. Mshtaki wake ni waziri, Majivuno. Karama anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyohiyo kwenda pande nne, mbinguni na ardhini, wakarudi na mawazo ya kuijenga nchi, na malipo yao yakawa kifungo. Mwishowe mfalme anamwachilia Karama na wajumbe wanafunguliwa. Msomaji anashusha pumzi. Lakini tazama kilichotokea: mtu aliyeshtakiwa kwa kufundisha sheria ameokolewa kwa huruma ya mfalme. Je, sheria imeshinda kweli?

Hapo ndipo hukumu yangu inapozaliwa, nami ningeiandika hivi: "Kitabu kinatushawishi kwamba nchi bila sheria huwala watoto wake bora, lakini kinaiokoa nchi hiyo kwa hisani ya mtu mmoja, si kwa sheria. Naona huo ni udhaifu wa mwisho wake, ingawa naelewa kwa nini mwandishi aliuchagua."

Yako inaweza kuwa kinyume kabisa. Unaweza kusema mwisho huo ndio ujanja wenyewe wa kitabu, kwamba mwandishi anamwonyesha mtawala njia ya kurudi bila kumwaibisha. La msingi ni kuwa na upande. Ukiogopa kuuchagua, mjadala utakosa pa kushika na kikao kitaishia kwenye habari za bei ya vitabu.

Hatua ya 3: Tafuta dhamira tatu zinazoibeba hukumu

Hapa ndipo kazi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kosa la kawaida ni kutaja dhamira kwa neno moja: haki, uongozi, elimu. Tulizoea hivyo shuleni kwa sababu mtihani uliuliza hivyo, na Kusadikika kimekaa sana kwenye mikono ya wanafunzi. Klabu haisahihishi. Neno kama "haki" ni mada tu. Linakuwa dhamira pale unapoeleza kitabu kinasema nini juu ya haki. Kwa hiyo kila dhamira iandike kama sentensi kamili, kisha ipime kwa maswali mawili: naweza kuweka kidole kwenye tukio linaloithibitisha? Na mtu mwenye akili timamu anaweza kuikataa? Ikishindwa swali la kwanza, umeitoa kichwani mwako, haimo kitabuni. Ikishindwa la pili, ni jambo linalojulikana na kila mtu, halihitaji kitabu.

Nikiipima orodha yangu ya kwanza, mengi yanaanguka. "Umuhimu wa elimu" inaanguka kwa swali la pili, nani ataipinga? "Uzalendo" ni pana mno. "Ukoloni" inahitaji uangalifu. Mwaka 1951 Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza na Shaaban Robert alikuwa karani serikalini, kwa hiyo wasomaji wengi wameiona nchi ya Kusadikika kama kioo cha utawala ule. Ni usomaji wenye nguvu. Lakini kitabu chenyewe hakitaji Waingereza wala Tanganyika. Kinataja nchi iliyo angani. Ukiutaja ukoloni, uutaje kama tafsiri, tena ndani ya hukumu. Ukiupanga miongoni mwa dhamira kana kwamba umeandikwa wazi, mtu atakuuliza "wapi?" nawe utakwama.

Zinazobaki kwangu ni tatu, na nimezipanga ili kila moja ifungue mlango wa inayofuata.

Ya kwanza: *watawala wa Kusadikika wanaiogopa sheria kuliko wanavyomwogopa adui.* Ushahidi wake ni shtaka lenyewe. Karama hakuiba, hakuua, hakukusanya jeshi. Kosa lake ni kuwafundisha watu sheria. Waulize wasikilizaji wako: kwa nini jambo hilo limuudhi waziri? Jibu ni kwamba mwenye kuijua sheria hahukumiwi kwa maneno matupu, na maneno matupu ndiyo silaha ya Majivuno.

Ya pili: *nchi inawaadhibu wale iliowatuma yenyewe.* Hii ndiyo inayonigusa zaidi, na ningeipa dakika tatu nzima. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini hawakuwa waasi. Walitumwa. Kila mmoja alipata taabu njiani, akaona jinsi wengine wanavyoishi, akarudi na jambo la kuifaa nchi yake, na jambo hilo likageuzwa kuwa kosa. Mwandishi angeweza kutosheka na mjumbe mmoja. Amerudia mara sita, na marudio hayo yana kazi. Safari ya kwanza tunaweza kuiita bahati mbaya, na ya pili tukatafuta kisingizio. Tukifika ya nne, hakuna tena kisingizio: tunautazama utaratibu wa nchi. Lakini hapohapo pana udhaifu ambao usiufiche, kwamba msomaji wa leo anachoka, na wajumbe hao sita hawana tabia zinazowatofautisha sana. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Yaseme yote.

Ya tatu: *neno linaweza kufika pale ambapo nguvu haifiki, lakini linahitaji sikio.* Karama hajitetei kwa kusema "mimi sina hatia." Anawasimulia mahakimu wake habari za watu wengine, na kwa kuwasimulia anaigeuza kesi: aliyeshtakiwa sasa ni mshtaki, na nchi nzima imesimama kizimbani. Lakini kama mfalme asingetaka kusikiliza, ufasaha wote ule ungemsaidia nini?

Swali hilo la mwisho linakufikisha mlangoni pa hukumu bila kuhitaji kusema "sasa niingie kwenye hukumu yangu."

Hatua ya 4: Sasa andika muhtasari

Kwa kusoma kwa sauti, bila haraka, mtu wa kawaida hupita maneno kama mia kwa dakika moja. Kiswahili kina maneno marefu na pumzi inahitaji nafasi. Kwa muhtasari wa dakika nne una maneno 400, na hata hayo usiyajaze yote. Mimi ningetumia dakika moja kusoma kitabuni na zilizobaki kueleza.

Cha kusoma nimeshakichagua: maelezo ya mipaka ya nchi. Kusadikika haipakani na nchi jirani, inapakana na pepo: Kaskazi kaskazini, Kusi kusini, Matlai mashariki, Umande magharibi. Soma sehemu hiyo taratibu. Watu watacheka kidogo, kisha watanyamaza, maana wataelewa kwamba nchi iliyozungushiwa upepo haina pa kukimbilia. Aya hiyo moja inawatia watu ndani ya kitabu kuliko maelezo yako yote.

Kisha hadithi yenyewe. Hivi ndivyo ningeisema:

"Karama ni kijana wa Kusadikika aliyeleta taaluma ya sheria na kuanza kuifundisha. Waziri Majivuno anamfikisha mbele ya mfalme na madiwani na kumshtaki. Karama anapopata nafasi ya kujitetea, anawakumbusha wakubwa wale wajumbe sita ambao nchi iliwatuma kwenda kutafuta maarifa: wanne pande nne, mmoja mbinguni, mmoja ardhini. Sitawasimulia safari zote, kwa sababu zina umbo moja: mjumbe anaagizwa, anateseka njiani, anajifunza, anarudi na mawazo, na anatiwa gerezani. Nitawasimulia moja tu iliyonikaa moyoni. Mwisho wa utetezi huo mfalme anaguswa, anamwachilia Karama, na wajumbe nao wanatoka kifungoni."

Hayo hayafiki hata dakika moja. Muda uliobaki ni wa safari moja uliyoichagua, na hapo simulia kwa kina: ilianzaje, mjumbe alipatwa na nini, alirudi na pendekezo gani, lilipokewaje. Chagua ile unayoikumbuka bila kufungua kitabu. Usichague kwa kufikiri ipi ni "muhimu"; unayoikumbuka ndiyo utakayoisimulia vizuri.

Kuhusu kufichua mwisho: kwa riwaya nyingi ningekushauri uuache. Kwa hiki haiwezekani, kwa kuwa hukumu yako imesimama juu ya uamuzi wa mfalme. Sema mapema, "nitataja mwisho," na asiyemaliza kusoma ajue lake. Kila klabu ina watu wawili watatu ambao hawajamaliza, na huwa hawasemi.

Hatua ya 5: Pima kwa saa

Gawa dakika zako hivi: muhtasari 4, dhamira 7, hukumu 3, na 1 ya akiba. Katika zile saba, dhamira ya pili ipate tatu, nyingine mbilimbili. Ukizigawa sawasawa, wasikilizaji hawatajua ipi ina uzito kwako.

Simama, washa saa ya simu, sema kwa sauti kamili. Kusoma kimoyomoyo hakupimi kitu. Ukifika dakika ya 6 bado uko kwenye muhtasari, sina shaka umeanza kusimulia habari za mjumbe wa pili; mwondoe. Ukimaliza dhamira zote kwa dakika tatu, umezitaja tu bila kuonyesha matukio. Rudi kwenye vile vipande vya karatasi.

Usiandike hotuba nzima. Kadi moja inatosha: juu majina ya wahusika (Karama, Majivuno, wajumbe sita kwa mpangilio, maana majina sita huchanganyika ukiwa umesimama), katikati sentensi tatu za dhamira, chini hukumu neno kwa neno. Hukumu ndiyo pekee ninayoiandika nzima. Ukiisema kwa kubahatisha, ulimi huilegeza, na "naona ni udhaifu" inageuka "labda tunaweza kusema kwa kiasi fulani."

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Salamu fupi. "Mwenyekiti, ndugu wanachama, shikamooni wakubwa zangu," kisha ingia moja kwa moja kwenye ile aya ya pepo. Wasifu wa mwandishi usizidi sentensi mbili, na zote ziwe zile zinazokisaidia kitabu: kwamba kilitoka mwaka 1951, na kwamba mwandishi wake alikuwa mtumishi wa serikali ya wakati huo. Mwaka wa kuzaliwa na orodha ya vitabu vingine haviisaidii hukumu yako, vinakula dakika.

Ukifika kwenye hukumu, punguza kasi na ufunge kitabu. Sema kilichokushika, sema kilichokuchosha, sema dai lako, na sema ungempa nani kitabu hiki. Mimi ningesema: "Ningempa kijana aliyeanza kazi ofisini mwaka huu, anayeshangaa kwa nini mapendekezo yake yanapokewa kwa makofi na kuishia kabatini. Nisingempa mtu anayetaka wahusika wenye utata wa ndani, maana hapa jina la mtu limeshakwambia habari zake: Majivuno ni majivuno mpaka mwisho." Halafu uliza swali moja, moja tu: "Je, Karama alishinda kesi, au alisamehewa?" Kaa kimya. Kimya kitaonekana kirefu. Usikijaze.

Jitayarishe kwa pingamizi mbili ambazo karibu hazikosekani. Ya kwanza itatoka kwa mtu mzima aliyekisoma zamani: "Mwanangu, wakati ule mwandishi angemalizaje vingine? Angemwangusha mfalme, kitabu kingetoka?" Ni hoja nzito. Usibishane naye kwa ajili ya kushinda; mpe haki yake, kisha itenganishe: "Shikamoo mzee, nakubali kwamba mazingira yanaeleza kwa nini mwisho uko hivyo. Ninachouliza ni kama mwisho huo unatutosha sisi tunaousoma leo." Kueleza sababu ni jambo moja na kuridhika ni jambo lingine, na mjadala wote unaweza kukaa katikati hapo kwa nusu saa.

Ya pili itatoka kwa kijana: "Lakini wajumbe wamefunguliwa. Si ndiyo mabadiliko hayo?" Huyu mrudishe kitabuni. Muulize ni kitu gani kinachomzuia waziri mwingine kesho kumshtaki mjumbe wa saba. Akikionyesha kitabuni, basi hukumu yako imeyumba, na useme hivyo hadharani mbele ya klabu. Asipokionyesha, usimshinikize, mwachie mwenyekiti amtafute anayefuata kuinua mkono.